Amri Nne za Kutafuta KKS

Chumba chenye urefu wa sentimita 420 na upana wa sentimita 300 kinasubiri marumaru. Mwenye nyumba anataka vipande vya mraba, vikubwa iwezekanavyo, na hataki hata kimoja kikatwe ukutani. Aliyekaa darasani shule ya msingi atatambua kuwa hapa inatafutwa KKS, kigawo kikubwa cha shirika: namba kubwa kuliko zote inayozigawanya 420 na 300 bila kubakiza kitu. Jibu ni 60. Vipande saba vinaenda kwa urefu, vitano kwa upana, jumla 35.

Shuleni KKS hutafutwa kwa kuzivunja namba katika vigawo tasa. Njia ya zamani zaidi imo katika kitabu cha saba cha Elementi, kazi ya Mgiriki Euklidi ya mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, nayo haihitaji kujua namba tasa wala kugawanya. Toa namba ndogo kwenye kubwa, kisha rudia, mpaka zote mbili zilingane. Namba yoyote inayozigawanya zote mbili lazima igawanye na tofauti yao, kwa hiyo KKS haipotei njiani hata namba zinapopungua. Kwa chumba chetu, 420 ukitoa 300 inabaki 120. Toa 120 kwenye 300, upate 180. Toa 120 tena, upate 60. Sasa 60 itolewe kwenye 120, na zote mbili zimekuwa 60.

Wanafunzi wengi wa kompyuta hukutana na kazi hii katika maabara ya lugha ya asembli, mara nyingi kwenye prosesa ya ARM ya biti 32. Inakaa hapo kwa sababu nzuri. ARM ilibuniwa Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn. Sophie Wilson alitunga amri zake, Steve Furber akashughulikia umbo lake la ndani, na kipande cha kwanza kikawashwa tarehe 26 Aprili 1985. Prosesa hiyo haikuwa na amri ya kugawanya, lakini kutoa iliweza tangu siku ya kwanza. Tena ilikuwa na kipaji ambacho prosesa nyingi za wakati wake hazikuwa nacho, na njia ya Euklidi inakionyesha vizuri kuliko zoezi lolote lingine la ukubwa wake.

Kabla ya kipaji hicho kuna sharti moja. ARM haifanyi hesabu juu ya namba iliyolala kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu ni ghala, na hesabu hufanyikia mezani, kwenye rejesta chache zinazoitwa `r0`, `r1` na kuendelea. Amri ya `LDR` huchukua namba ghalani na kuileta mezani, na `STR` huirudisha. Programu nzima ya chumba chetu inaanza na `LDR` na kuishia na `STR`:

```
        LDR   r4, =a
        LDR   r0, [r4]
        LDR   r4, =b
        LDR   r1, [r4]
gcd:    CMP   r0, r1
        SUBGT r0, r0, r1
        SUBLT r1, r1, r0
        BNE   gcd
        LDR   r4, =jibu
        STR   r0, [r4]
```

Huku kwenye data, `a` na `b` zimeandikwa moja baada ya nyingine, 420 na 300, na `jibu` limeachiwa nafasi tupu.

Moyo wa kazi ni zile mistari minne ya katikati. `CMP` hulinganisha kwa kutoa: 420 ukiondoa 300. Tofauti yenyewe hutupwa, ila prosesa hubaki na bendera nne ndogo, kila moja biti moja, zinazoeleza tofauti hiyo ilikuwaje. Je, ilikuwa sifuri? Ilikuwa hasi? Na mengine mawili yanayohusu namba kufurika. Amri zinazofuata husoma bendera hizo. Herufi `GT` mwishoni mwa `SUBGT` zinasema: fanya kazi hii ikiwa ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko ya pili. `LT` ni kinyume chake. `BNE` hurudi juu ikiwa hazikulingana. Sharti lisipotimia, amri hupita bila kugusa kitu.

Msomaji makini atauliza: mstari wa pili ukishaibadili `r0` kuwa 120, mstari wa tatu hautaona kwamba sasa `r0` ni ndogo kuliko `r1`, na kutoa tena? Hautoi. `SUBGT` imeibadili rejesta, lakini bendera haikuzigusa. Bendera bado zinaeleza 420 na 300, si 120 na 300. Kwa hiyo katika kila mzunguko kutoa hufanyika mara moja tu, hadi mzunguko wa mwisho namba zinapolingana na kutoa kusifanyike kabisa. Hapo `BNE` nayo hunyamaza, na programu huteremka kwenye `STR`.

Sharti lenyewe linaonekana kwa macho. Kila amri ya ARM ya biti 32 imeandikwa kwa tarakimu nane za mfumo wa kumi na sita, na tarakimu ya kwanza ndiyo sharti. Ukifungua dirisha la kumbukumbu katika kiigaji kama CPUlator, mistari ile minne inasomeka hivi:

```
E1500001   CMP   r0, r1
C0400001   SUBGT r0, r0, r1
B0411000   SUBLT r1, r1, r0
1AFFFFFB   BNE   gcd
```

`E` maana yake daima, bila sharti. `C` ni kubwa kuliko, `B` ni ndogo kuliko, na `1` ni zisipolingana. Wilson na wenzake walitenga biti nne katika kila amri kwa ajili hiyo tu, hata katika amri ambazo hazina sharti lolote. Ni gharama kubwa, kwani biti hizo zingeweza kubeba kitu kingine.

Walichonunua kwa gharama hiyo kinaweza kuhesabiwa. Bila amri zenye sharti, programu ingelazimika kuruka huku na huko: ikilingana ruka mwisho, ikiwa ndogo ruka kwenye mstari wa chini, ukimaliza ruka juu. Sehemu ile ile inakuwa amri saba badala ya nne, baiti 28 badala ya 16. Tena kuruka ni ghali. Prosesa ya ARM7 huzipanga amri kwenye foleni: moja inatekelezwa huku ya pili inafasiriwa na ya tatu inaletwa. Ikiruka, zile zilizokuwa foleni hutupwa. Kwa hiyo kuruka huchukua mapigo matatu ya saa, wakati amri ya kawaida, hata ile iliyopita bila kufanya kazi, huchukua pigo moja. Kwa 420 na 300, programu yenye mirukaji huhitaji mapigo 36. Ile ya amri nne huhitaji 28: mizunguko minne ya mapigo sita, kisha mzunguko wa kufunga wa mapigo manne.

Sasa makosa, kwani maabara nyingi hutumia muda mwingi hapo kuliko kwenye kuandika.

Kosa moja lina alama yake ya pekee. Mwanafunzi anabonyeza kitufe cha kuendesha, na jibu linatoka 4. Anabadili namba, anaweka 81 na 27, jibu ni 4. Anaweka 17 na 5, jibu ni 4. Aliyezoea kazi hii hahitaji hata kuangalia mstari wa tano. Mwanafunzi ameandika `LDR r0, =a` na `LDR r1, =b` akaishia hapo, akasahau mabano ya mraba. `LDR r0, =a` haileti namba. Inaleta anwani ya mahali namba ilipo. Programu inatafuta KKS ya anwani mbili, kwa mfano `0x21024` na `0x21028`. Kila namba hapo inachukua baiti nne, kwa hiyo anwani zote mbili zinagawanyika kwa 4, na tofauti yao ni 4. Kigawo chochote cha pamoja lazima kigawanye tofauti hiyo, basi hakiwezi kuzidi 4. Hesabu ni sahihi kabisa; kilicholetwa mezani ndicho kisicho chenyewe. Na kupata 4 hiyo kumeigharimu prosesa hatua 33,801 za kutoa, badala ya nne.

Kosa la pili halitoi jibu lolote. Lebo ya `gcd` imewekwa mstari mmoja chini sana, mbele ya `SUBGT` badala ya `CMP`. Ulinganishi unafanyika mara moja tu, bendera zinabaki zilivyo, na kila mzunguko unaamini kuwa `r0` bado ni kubwa. Ukipitisha amri moja moja na kutazama `r0`, utaona 120, kisha hasi 180, hasi 480, na kuendelea kushuka.

Sifuri nayo huinasa programu hata ikiwa imeandikwa vizuri. Toa 0 kwenye 420, inabaki 420, na zamu inayofuata ni vile vile. KKS ya 420 na 0 ni 420, kwa hiyo mwandishi mwangalifu huikagua sifuri kabla ya kuingia kwenye mzunguko. Na namba zikivuka 2,147,483,647, `GT` na `LT` huzisoma kama hasi. Hapo lazima zitumike `HI` na `LO`, zinazolinganisha bila kujali alama.

Siku hizi kuna kikwazo kingine kinachowashangaza wanaojaribu zoezi hili kwenye mashine mpya. Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 64, au kompyuta ya Apple yenye prosesa ya M, hukataa `SUBGT` tangu kwenye asembla. ARM ilipotangaza mpangilio wake wa biti 64 mwaka 2011, iliondoa sharti kwenye karibu amri zote. Prosesa za sasa hubashiri mapema kuruka kutaelekea wapi, na mara nyingi hupatia, hivyo faida ya zile biti nne ilikuwa imepungua. Kilichobaki ni amri chache za kuchagua, na njia ya Euklidi huandikwa hivi:

```
gcd:  SUBS w2, w0, w1
      SUB  w3, w1, w0
      CSEL w0, w2, w0, GT
      CSEL w1, w3, w1, LT
      B.NE gcd
```

Hapa tofauti zote mbili hupigwa kwa pamoja, ya mbele na ya nyuma. `SUBS` huacha bendera, kazi iliyokuwa ya `CMP`. Kisha kila `CSEL` hutazama bendera hizo na kuchagua: ichukue tofauti mpya, au ibaki na namba ya zamani. Kwa 420 na 300, mzunguko wa kwanza unapata 120 na hasi 120. Ya kwanza inaingia `w0`, ya pili inaachwa. Mzunguko wa tano unazikuta zote mbili ni 60, na kwenye kumbukumbu linaandikwa `3C`, likifuatwa na sifuri tatu za baiti.