Nakala ya Sauti Ndani ya Pakiti Inayofuata

Katika simu ya intaneti inayotumia Opus, mfumo wa kubana sauti uliosanifishwa mwaka 2012, maneno yako kwa kawaida hukatwa vipande vya milisekunde 20. Kila kipande husafiri katika pakiti yenye namba.

Tuseme pakiti ya 31 imepotea njiani. Kuomba itumwe tena ni kuchelewa. Neno litakuwa limeshapita. Kwa hiyo pakiti ya 32 hubeba kipande chake pamoja na nakala hafifu ya kile cha 31. Simu inayopokea, ambayo huzihifadhi pakiti kidogo kabla ya kuzicheza, huona pengo na kuliziba kwa nakala hiyo.

Nakala ina gharama: inakula sehemu ya biti za sauti yenyewe. Ndiyo maana huwashwa pale mpokeaji anaporipoti upotevu. Na foleni ya pakiti ikianza kurefuka, mtumaji hupunguza kiwango, labda kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi 16. Sauti hufifia, lakini maneno husikika.

Zikipotea pakiti ya 31 na ya 32 kwa pamoja, nakala nayo imekwenda. Programu hubahatisha kwa kurefusha mlio uliotangulia, nawe unasikia sauti ya roboti, kisha kimya.