Aspirini Inayorudi kwa Mlango wa Nyuma

Mnamo Februari 1941, katika hospitali ya Radcliffe mjini Oxford, Uingereza, kulikuwa na mgonjwa ambaye mkojo wake haukumwagwa. Ulikusanywa wote, ukapakiwa kwenye baiskeli na kukimbizwa maabara. Mgonjwa huyo, askari polisi Albert Alexander, alikuwa ameoza uso kwa maambukizi hadi akapoteza jicho moja, naye alikuwa akidungwa dawa mpya iliyokuwa adimu kupita dhahabu: penisilini. Wataalamu waliichuja dawa hiyo kutoka kwenye mkojo wake, wakaisafisha, wakamdunga tena ileile. Alianza kupata nafuu, homa ikashuka. Kisha penisilini ikaisha. Maambukizi yakarudi, na tarehe 15 Machi akafariki.

Baiskeli zile zinafundisha jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi. Penisilini ilikuwa ikitoka mwilini nzima, haijavunjwavunjwa, tena kwa kasi ya ajabu. Kila baada ya takriban nusu saa, kiasi kilichomo kwenye damu kilipungua kwa nusu. Figo za askari yule zilikuwa nzima, na uzima wake ndio uliokuwa tatizo.

Figo hutoa dawa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ambayo watu wengi huifikiria wanaposikia neno figo: kuchuja. Damu hupita kwenye vifundo vidogo vya mishipa myembamba, na shinikizo la moyo hukamua maji yake kupitia matundu madogo mno, mfano wa tui linavyokamuliwa kwenye kifumbu. Chembe za damu na protini kubwa hubaki, maji na vitu vidogo hupita. Kwa mtu mzima mwenye afya, lita zipatazo 180 huchujwa kwa siku, ingawa anakojoa lita moja na nusu tu au mbili. Dawa inayoelea peke yake kwenye damu hupita na maji hayo. Dawa iliyong'ang'ania protini ya damu, hasa albumini, haipiti, kwa kuwa aliyeishika hatoshei tunduni.

Lakini kuchuja peke yake hakuelezi kasi ya penisilini. Katika kila zamu, ni kama sehemu moja tu kwa tano ya maji ya damu inayochujwa. Nne zilizobaki huendelea na safari zikiizunguka mirija ya figo kwa nje. Hapo ndipo ilipo njia ya pili. Chembe zinazounda kuta za mirija zina wapagazi, yaani protini ambazo kazi yao ni kunyakua vitu kutoka kwenye damu na kuvitupa ndani ya mrija. Wapo wanaobeba dawa zenye tabia ya asidi, kama penisilini, na wapo wanaobeba zile zenye tabia ya besi, kama metformini wanayomeza wagonjwa wengi wa kisukari. Mpagazi huweza hata kuipokonya dawa kutoka kwenye mikono ya albumini, ndiyo maana damu inayopita mara moja tu kwenye figo hutoka ikiwa imebakiwa na penisilini kidogo sana.

Wapagazi hawa wana idadi, na wakijaa wamejaa. Mtafiti wa Marekani Karl Beyer na wenzake waliutumia udhaifu huo. Walitengeneza probenesidi, dawa iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambayo huwashughulisha wapagazi wa asidi hadi penisilini ikakosa wa kuibeba na kubaki kwenye damu kwa muda mrefu zaidi. Hilo lingemfaa sana askari wa Oxford.

Sasa tugeuze swali. Vipi kama tunataka dawa itoke upesi, kwa sababu imezidi na imekuwa sumu? Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuwahimiza wapagazi, au kumnywesha mgonjwa maji mengi ili figo zichuje zaidi. Jibu halimo katika yote mawili. Limo katika jambo la tatu ambalo hufanyika baadaye, chini zaidi kwenye mrija: kurudi.

Kati ya lita 180 zilizochujwa, karibu zote hunyonywa na kurudishwa kwenye damu. Maji yanapoondoka, dawa iliyobaki ndani ya mrija hukolea, na kitu kilichokolea upande mmja hutafuta upenyo wa kwenda upande wenye upungufu. Ukuta wa mrija umetandikwa mafuta. Dawa ikiwa katika umbo lisilo na chaji ya umeme, hupenya mafuta hayo na kurudi kwenye damu kimyakimya, bila mpagazi. Ikiwa na chaji, mafuta huikataa na inabaki imenaswa kwenye mkojo.

Aspirini ndiyo mfano bora. Ikiingia mwilini hugeuka haraka kuwa salisileti, asidi dhaifu ambayo huishi katika maumbo hayo mawili kwa pamoja, na uwiano wake hutegemea ukali wa asidi ya maji yaliyoizunguka. Ukali huo hupimwa kwa pH: namba ikishuka asidi imepanda, na kila hatua moja ni badiliko la mara kumi. Katika mkojo wenye pH 5, ambayo ni ya kawaida kabisa, chembe moja ya salisileti kati ya 100 haina chaji na inaweza kutoroka. Ukiufikisha mkojo pH 8, anayeweza kutoroka ni mmoja kati ya 100,000. Figo haijaongeza bidii yoyote. Kilichofanyika ni kufunga mlango wa nyuma, na kasi ya salisileti kutoka na mkojo hupanda mara kumi au hata ishirini.

Jambo hili lina uzito kwa aspirini kuliko kwa dawa nyingi nyingine. Kwa kipimo cha kawaida, ini ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi, na salisileti hupungua kwa nusu katika saa mbili hadi nne. Aspirini ikizidi, ini huzidiwa, na nusu ileile huweza kuchukua saa 20 au zaidi. Mzigo huiangukia figo.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini maji. Mgonjwa alitundikiwa lita kwa lita za dripu yenye alkali pamoja na dawa ya kukojosha, na wengine walivuta pumzi kwa taabu kwa sababu maji yalijaa kwenye mapafu. Mwaka 1982 Laurie Prescott na wenzake wa Edinburgh walichapisha utafiti uliolinganisha njia hizo. Walionyesha kwamba sodiamu baikabonati peke yake, bila mafuriko, iliitoa salisileti vizuri sawa na njia ya zamani, au kuishinda. Ukipima kwa hesabu haishangazi: kukojoa mara mbili zaidi huongeza kidogo, lakini pH ikipanda hatua moja, wanaotoroka hupungua mara kumi.

Tuchukue mfano wa fundi seremala wa miaka 45 aliyeshikwa na jino. Kwa siku moja na usiku wake amekuwa akimeza aspirini kila maumivu yaliporudi, bila kuhesabu. Asubuhi masikio yanavuma kama kuna nyuki ndani, anatapika, jasho linamtiririka na anahema upesi ingawa hajakimbia. Hospitalini damu yake inakutwa na miligramu 520 za salisileti kwa lita. Mkojo una pH 5.5. Akili yake ni timamu na figo zinafanya kazi.

Anaanzishiwa sodiamu baikabonati ya asilimia 8.4 kwenye mshipa, mililita 225 kwa saa moja. Lengo ni mkojo wa pH kati ya 7.5 na 8.5, na muuguzi anaupima kila baada ya muda mfupi kwa karatasi inayobadilika rangi. Dawa hiyo ina faida ya pili. Inaipandisha pia pH ya damu, na salisileti iliyo kwenye damu hupata shida ileile kuingia kwenye ubongo, ambako ndiko inakoua. Kuhema kwa kasi kunamsaidia kwa njia hiyohiyo, maana kunatoa asidi kwa pumzi. Ndiyo sababu daktari mwenye uzoefu huogopa sana kumlaza mgonjwa wa aina hii kwa dawa za usingizi. Akihema polepole, damu inageuka asidi na sumu inakimbilia kichwani.

Saa mbili zinapita na karatasi bado inasoma 6. Hapa mgeni wa kazi angeongeza baikabonati. Mzoefu anauliza potasiamu. Fundi ametapika, na baikabonati yenyewe inaisukuma potasiamu ndani ya chembe na kuitoa kwa mkojo. Figo inayokosa potasiamu huishika kidogo iliyobaki na kumwaga asidi mkojoni badala yake, kwa hiyo mkojo unabaki mchachu hata umwage alkali kiasi gani. Kipimo kinarudi: 2.9, chini ya kiwango. Anawekewa potasiamu polepole huku moyo ukitazamwa kwenye mashine, na baada ya saa chache mkojo unapanda hadi 7.8.

Nyumbani mambo ni tofauti. Mtu asijaribu kumnywesha aliyezidisha aspirini baikabonati ya jikoni, kwani huiyeyusha haraka aspirini iliyo tumboni na kuisaidia kuingia kwenye damu. Wala njia hii si ya kila sumu. Parasetamoli huumiza ini na haijali mkojo una pH gani. Lazima dawa iwe asidi dhaifu inayotoka kwa figo kwa kiasi kikubwa. Fenobabitali, dawa ya kifafa, nayo hutoka zaidi kwenye mkojo wa alkali, ingawa mkaa wa dawa unaorudiwa kwa dozi huisaidia zaidi.

Zamani walijaribu pia kinyume chake. Amfetamini ni besi, hivyo hunaswa na mkojo mchachu: mkojo ukiwa wa asidi, zaidi ya nusu ya dozi huweza kutoka bila kubadilika, na ukiwa wa alkali hutoka kiasi kidogo tu. Kwenye karatasi ilikuwa tiba nzuri. Kitandani, waliozidisha amfetamini mara nyingi misuli yao ilikuwa inavunjika na kumwaga protini kwenye damu, na protini hiyo huganda ndani ya mirija ya figo mkojo ukiwa mchachu. Tiba ikaachwa.

Kwa fundi, kipimo cha saa nne baadaye ni 390, kisha 280, kisha 190. Angekuwa amechanganyikiwa, mapafu yamejaa maji au figo zimekataa, mjadala ungekuwa wa mashine ya kusafisha damu. Dripu ya baikabonati inasimamishwa, kipimo kingine kinachukuliwa kuhakikisha namba haipandi tena, kwa sababu vidonge huweza kushikamana tumboni na kuyeyuka kwa kuchelewa. Masikio yanaacha kuvuma jioni. Jino lingali linauma, na safari hii anaandikiwa kwenda kuling'oa.