Mteja Akifilisika, Tafuta Tarehe Kwanza

Januari 2018 mahakama iliweka maduka ya Nakumatt mikononi mwa msimamizi. Deni lilikuwa limepita shilingi bilioni 30, na waliodai walikuwa wa kila aina: benki, wenye majengo, na wauzaji wa unga, maziwa na sabuni waliokuwa wakipeleka mzigo leo na kulipwa baada ya miezi miwili, wakibahatika. Miaka miwili baadaye, Januari 2020, wadai walipiga kura kampuni ifilisiwe. Tangu siku zile, wauzaji wanaokuja kuniona huwa na maswali mawili. Je, naweza kuuvunja mkataba na kuondoka? Na pesa zangu nazidai wapi? Mimi huwarudishia swali moja: msimamizi aliteuliwa tarehe ngapi?

Sababu ni kwamba Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 inakata hesabu yako vipande viwili kwa tarehe hiyo. Mzigo uliofika kwa mteja kabla ya uteuzi ni deni la zamani, na unaingia kwenye foleni pamoja na wadai wengine. Mzigo ambao msimamizi mwenyewe ameuagiza baada ya kushika hatamu ni gharama ya usimamizi wake, na gharama hizo hulipwa kabla ya foleni hiyo kuguswa. Shilingi ya Jumatatu na shilingi ya Jumatano, kwa bidhaa ileile na mteja yuleyule, huenda zisiwe na thamani moja.

Tuanze na kuvunja mkataba. Watu wengi hudhani kufilisika kwa mteja kunaua mkataba papo hapo. Sivyo. Mkataba unabaki hai mpaka upande mmoja uumalize kwa njia inayokubalika kisheria. Ukiacha kupeleka mzigo kwa sababu tu umesikia kwenye kundi la WhatsApp la wauzaji kwamba "jamaa wameisha", unaweza kujikuta wewe ndiye uliyevunja mkataba, na msimamizi akakudai fidia kwa niaba ya kampuni.

Kwa hiyo fungua mkataba, usome kifungu cha kuusitisha neno kwa neno. Mikataba mingi ya ugavi ina sharti linalomruhusu muuzaji kujitoa mnunuzi akifilisika, na kwa jumla sheria ya Kenya haikatazi sharti la namna hiyo. Shida iko kwenye tukio lililotajwa. Nimeona mikataba ya zamani inayozungumzia "kuteuliwa kwa mpokezi" au "amri ya kufilisiwa" bila kumtaja msimamizi popote. Mpokezi huletwa na mwenye dhamana, aghalabu benki, ili akusanye chake. Msimamizi huteuliwa ili ajaribu kuinusuru kampuni, au walau awapatie wadai wote zaidi ya ambavyo wangepata ikifilisiwa moja kwa moja. Mfilisi huja kuuza kilichobaki na kugawa. Hawa ni watu watatu tofauti, na mkataba ukimtaja mmoja, usidhani umewataja wote.

Kama kifungu hakipo au hakitoshi, mara nyingi una njia nyingine iliyo bora zaidi: mnunuzi hajalipa kwa wakati, na kutolipa ni uvunjaji wa mkataba. Hapa pana jambo ambalo hata mawakili hulipita haraka. Ukiumaliza mkataba kwa kifungu cha kufilisika peke yake, unaweza kudai bei ya bidhaa ulizokwisha kupeleka, lakini huenda ukakosa fidia ya faida uliyotarajia kwa muda uliobaki, kwa kuwa hukusema kwamba mwenzako amekosea. Ukiumaliza kwa sababu ya uvunjaji mkubwa wa masharti ya malipo, mlango wa fidia hiyo unabaki wazi. Basi barua yako itaje sababu zote ulizo nazo: vifungu kwa namba, ankara ambazo hazijalipwa, na tarehe ya kila moja. Ipeleke kwa njia iliyoandikwa kwenye mkataba, na nakala umpe msimamizi.

Lakini je, ni lazima uumalize? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inampa muuzaji silaha tulivu zaidi. Mnunuzi akishafika mahali pa kutoweza kulipa madeni yake yanapoiva, muuzaji ambaye hajalipwa anaruhusiwa kuzuia bidhaa zilizo bado mkononi mwake, hata kama muda wa mkopo haujaisha. Kama mzigo umeshatoka na uko kwa msafirishaji wa kujitegemea, anaweza kumwamuru asiushushe, mradi mnunuzi hajaupokea. Mahakama za Uingereza, ambako sheria hii ilichukuliwa, ziliamua mwaka 1873 katika kesi iitwayo Chalmers kwamba muuzaji wa mafungu kwa mafungu halazimiki kutoa fungu jipya kwa mnunuzi aliyefilisika mpaka alipwe taslimu fungu hilo pamoja na lile alilokwisha kulitoa bila kulipwa. Mkataba unabaki hai, mzigo unabaki ghalani, na mazungumzo na msimamizi yanaanza ukiwa na kitu mkononi.

Wauzao ng'ambo waangalie. Mkulima wa maua wa Naivasha anayemuuzia mnunuzi wa Uingereza yuko chini ya kanuni nyingine tangu mwaka 2020. Huko, kampuni ikishaingia kwenye utaratibu wa ufilisi, muuzaji kwa kawaida haruhusiwi kuvunja mkataba kwa sababu hiyo, wala kulifanya deni la zamani kuwa sharti la kuendelea kuleta bidhaa. Anahitaji idhini ya anayesimamia au ruhusa ya mahakama. Asipolipwa bidhaa mpya, hapo anaweza kuondoka.

Kuna jambo ambalo wauzaji hulitaka kuliko yote: kuingia dukani na kubeba mali yao. Msimamizi akishateuliwa, kampuni inakuwa chini ya kinga. Huwezi kuishtaki, kukamata mali wala kutekeleza dhamana bila idhini yake au ya mahakama. Hata ukiwa na sharti kwamba bidhaa ni zako mpaka zilipwe, utaomba kwanza. Na tangu Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, sharti la namna hiyo huhesabiwa kuwa dhamana. Kama hukulisajili, benki iliyosajili dhamana yake itakupita.

Sasa tuandike dai. Chukua kiwanda kidogo cha sabuni ya maji huko Ruiru, mfano wangu tu, kinachouzia duka kubwa kwa mkopo wa siku 60. Msimamizi ameteuliwa tarehe 14 Machi. Mhasibu anatoa leja na kuona Januari 1,450,000, Februari 1,320,000, na Machi ankara za jumla ya 690,000. Jaribu la kwanza ni kuandika jumla yote, 3,460,000, na kupiga muhuri. Hapo ndipo dai linapoharibika.

Ankara za Machi ni lazima zichambuliwe kwa hati za kupokelea bidhaa, zile zenye sahihi ya karani wa ghala la duka, si kwa tarehe ya ankara. Kiwanda hiki kina ankara moja ya tarehe 16 Machi, ya shilingi 75,000. Inaonekana ya baada ya uteuzi, lakini hati ya ghala inasema mzigo ulipokelewa tarehe 12. Hilo ni deni la zamani. Mzigo wa 210,000 ulioshushwa tarehe 17, kwa oda iliyotiwa sahihi na ofisi ya msimamizi, ni wa upande wa pili. Hauingii kwenye fomu ya dai kabisa. Unatumwa kama ankara ya kawaida kwa msimamizi, ukiambatana na oda yake. Oda hiyo isipokuwepo, usimshushie mtu mzigo, hata meneja wa tawi uliyezoeana naye miaka kumi akikuahidi kwa mdomo.

Kwa hiyo Machi ya zamani ni 480,000, na jumla ya deni la kabla ni 3,250,000. Ondoa bidhaa zilizorudishwa, 90,000. Kisha ondoa 160,000 za ada ya rafu na matangazo ambazo kiwanda kilikuwa kinadaiwa na duka kabla ya uteuzi. Madeni ya pande mbili hufutana, na kinachodaiwa ni salio. Kulificha hili ni bure, maana msimamizi ana vitabu vya duka mezani. Dai halisi ni shilingi 3,000,000. Riba inaongezwa kama mkataba unaitaja au kuna hukumu, na hesabu yake inasimama tarehe 13. Deni la dola hugeuzwa shilingi kwa kiwango cha siku ya uteuzi.

Fomu ya uthibitisho wa deni utaipata kwa msimamizi au mfilisi, na utamrudishia yeye, si mahakama. Tangazo la kuita madai hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali pamoja na siku ya mwisho. Fomu inauliza jina na anwani yako, kiasi kinachodaiwa kufikia ile tarehe, deni lilitokana na nini, kodi iliyomo, na kama una dhamana yoyote. Ambatisha mkataba, oda, ankara, hati za ghala na taarifa ya hesabu inayofikia jumla uliyoandika hadi shilingi ya mwisho. Omba risiti ya kupokelewa. Ukichelewa huenda bado ukasikilizwa, ila mgao uliokwisha kutolewa haurudishwi nyuma kwa ajili yako. Dai likikataliwa utapewa sababu kwa maandishi, na muda wa kwenda mahakamani kupinga ni mfupi. Kiasi kilichokubaliwa ndicho pia uzito wa kura yako kwenye mkutano wa wadai.

Matarajio yawe ya kweli. Mwenye dhamana mahususi huchukua mali aliyowekewa. Gharama za ufilisi hutangulia, wafuate wafanyakazi kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho, isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja, kisha kodi za serikali. Muuzaji asiye na dhamana yuko chini yao. Tuseme kinachosalia kinatoa senti 5 kwa kila shilingi: kiwanda chetu cha Ruiru kinapata 150,000.

Ila ndani ya zile milioni 3 mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, takriban shilingi 413,800, ambayo kiwanda kilikwisha kuipeleka serikalini kutoka mfukoni mwake. Sheria ya kodi hiyo ya mwaka 2013 inaruhusu kuomba kurudishiwa mnunuzi akiwa amefilisika kisheria, na maombi yana ukomo wa muda. Mwonyeshe mhasibu wako nakala ya dai lililokubaliwa wiki hiyohiyo unayoipata. Ukilipwa mgao baadaye, sehemu ya kodi iliyomo unairudisha kwa Mamlaka ya Mapato.