Kichwa Kikubwa, Sura Ileile

Mtu mzima akisimama wima, kimo chake ni kama vichwa vyake saba au saba na nusu. Mwanasesere wa chibi, mtindo uliotokana na katuni za Kijapani, huwa na vichwa viwili hadi vitatu tu. Kampuni ya Kijapani ya Good Smile ilianza kuuza sanamu za Nendoroid, zenye kimo cha sentimita 10 hivi, mwaka 2006. Nyingi ni za wahusika wa katuni, ambao nywele na mavazi yao huwatambulisha mara moja. Mtu halisi aliyepigwa picha ya mwili mzima ana kazi zaidi.

Tuseme ni mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye upara wa mbele na ndevu za kidevuni, na anatakiwa sanamu ya sentimita 12. Kwa vichwa viwili, kichwa kitachukua sentimita 6 na mwili 6, na urefu wake utapotea kabisa. Kwa vichwa vitatu, kichwa kitachukua 4 na mwili 8. Katika hizo 8, miguu ikipewa 4.5 na mabega yakibaki membamba, mtu huyo ataonekana mrefu hata akiwa mfupi hivyo.

Kwa kimo hichohicho, kichwa chake cha kawaida kingekuwa sentimita 1.6. Sehemu iliyotokea ndogo pichani ndiyo inayokuzwa mara mbili na nusu, kwa hiyo mchongaji huhitaji pia picha ya uso iliyopigwa kwa karibu. Picha ya mwili mzima nayo ipigwe kwa mbali kidogo, kamera ikiwa usawa wa kiuno. Ikipigwa karibu kutoka juu, miguu hufupika.

Usoni ndiko wengi hupotelea. Chibi hushusha macho chini ya nusu ya kichwa, hukuza paji la uso na kufupisha kidevu. Ni sura ya kitoto, ambayo Konrad Lorenz alizieleza dalili zake mwaka 1943. Kwa kuwa kila chibi ana paji kubwa, kulikuza zaidi hakuonyeshi upara. Unaoonyesha upara ni ukingo wa nywele unaorudi nyuma juu ya kila kipanda cha uso. Kidevu kikifupishwa, ndevu zisifupishwe nacho: ziachwe zitokeze chini ya taya. Macho yakuzwe, ila mwinamo wake na unene wa nyusi ubaki kama ulivyo pichani.

Kabla ya kuchonga, mchoro hujazwa wino mweusi wote, kisha huonyeshwa mtu anayemfahamu mhusika. Asipomtambua, kasoro iko kwenye umbo: mabega, miguu au mkao. Halafu huonyeshwa kichwa peke yake, bila nguo. Akimkosa hapo, basi shati ndilo lililokuwa likimtambulisha, na mchongaji hurudi kwenye nywele, nyusi na ndevu kabla ya kugusa udongo.