Kreni Inaposimama kwa Sababu ya Mawimbi

Katika baadhi ya bandari za leo dereva wa kreni hapandi tena kibandani. Hukaa chumbani mbele ya vioo vya televisheni, akaiongoza mashine kutoka mbali. Kreni isiyotoka mahali pake yaweza kutumia waya. Lakini ile itembeayo kwa magurudumu kati ya makontena huhitaji redio, na sasa makampuni yanauza kwa kazi hiyo mitambo ya simu ya kizazi cha tano. Tuone ahadi yake ni ipi, na inakomea wapi.

Mfano mzuri ni Hamburg, Ujerumani. Mwaka 2018 na 2019 Mamlaka ya Bandari ya huko, pamoja na Deutsche Telekom na Nokia, ilifanya jaribio kwa antena zilizowekwa kwenye mnara wa televisheni wa mji, zaidi ya mita 150 juu ya ardhi. Mtandao ulikuwa mmoja, lakini uligawanywa vipande vitatu. Kimoja kiliongoza taa za barabarani, cha pili kilipokea vipimo kutoka vyombo vya majini, na cha tatu kilipeleka picha kwenye miwani ya mafundi.

Kipande si mnara mwingine. Ni fungu. Kila chombo hujiandikisha kwa nambari ya aina ya kazi yake: 1 ni data nyingi, 2 ni ujumbe usiovumilia kuchelewa, 3 ni vipimo vidogo vya vyombo vingi. Mtambo hutenga sehemu ya mawimbi kwa kila fungu, ili watu wakijaa na simu zao, ujumbe wa kreni usikae foleni nyuma ya sinema ya mtu. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini kugawa mkate hakuongezi unga: mawimbi yasiyofika mahali hayafiki kwa fungu lolote.

Ndiyo maana viwanda na bandari nyingine hupenda kuwa na mtandao wao wenyewe. Ujerumani ilitenga masafa ya megahezi 3,700 hadi 3,800 kwa ajili hiyo, na tangu Novemba 2019 mwenye eneo aweza kuomba kibali. Mwenye mtandao wake huweka antena anapotaka. Tena aweza kuongeza muda wa kupeleka data kutoka kwenye mashine. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kamera za kreni hutuma picha nyingi, wakati mitandao ya umma hutoa muda mwingi zaidi kwa data inayoshuka kwenye simu. Hata hivyo, jirani mwenye masafa yale yale akipanga muda wake tofauti, mitambo hiyo itaingiliana, kwa hiyo sharti wapatane.

Sasa tupige hesabu. Tuseme chumba cha uongozi hutuma ujumbe wa “nipo” kwa kreni kila milisekunde 50. Hizo ni jumbe 20 kwa sekunde, 72,000 kwa saa. Kreni imepangwa isimame yenyewe ikikosa jumbe tatu mfululizo, na ni haki isimame, maana mashine isiyo na msimamizi huua. Muuzaji anasema ujumbe mmoja tu katika 10,000 hupotea. Basi kila saa zitapotea kama 7. Kama kila upotevu hauhusiani na mwingine, kukosa tatu mfululizo kungetokea mara moja katika miaka zaidi ya 1,000.

Hapo ndipo hesabu inapodanganya. Redio haipotezi ujumbe mmoja mmoja kama mvua ya rasharasha. Kreni ikipita nyuma ya ukuta wa makontena ya chuma, jumbe hupotea kwa mkupuo, tatu, kumi au zaidi. Wastani wa siku nzima hubaki mzuri sana, na kreni imesimama mara nne kabla ya chakula cha mchana. Kisha dereva huulizwa kwa nini zamu yake imehamisha makontena machache.

Sababu yaweza kujulikana. Kreni ikisimama mahali pale pale, saa yoyote, ni kivuli cha chuma, na dawa yake ni antena ya pili kutoka upande mwingine. Kipande hakitasaidia. Ikisimama popote lakini saa zile zile, meli inapoingia na simu kuwa nyingi, ni msongamano, na hapo fungu lililotengwa husaidia. Makontena hupangwa upya kila siku, kwa hiyo kivuli nacho huhama, na kipimo cha mwezi uliopita hakitoshi.

Dereva na aandike saa na mahali pa kila kusimama. Kisha kamati ya kazi iombe daftari la mtambo la dakika ile ile: nguvu ya mawimbi, na ucheleweshaji mrefu kuliko wote. Wakiletewa wastani, wairudishe karatasi hiyo na kuomba nyingine.