Kodi Moja Isihesabiwe Mara Mbili

Katika ploti nyingi za Nairobi, kodi huingia kwa njia mbili: wapangaji wengine hulipa kwa M-Pesa kupitia nambari ya Paybill, wengine humpa keateka pesa taslimu. Hesabu huharibika pale keateka anapotuma alizokusanya kwenye Paybill ileile.

Tuchukue nyumba B4, ambayo kodi yake ni shilingi 8,000. Mpangaji alibakiza deni la 1,500 mwezi Machi, kwa hiyo Aprili anadaiwa 9,500. Tarehe 5 analipa 6,000 kwa M-Pesa, na kwenye nafasi ya akaunti anaandika B4. Mtunza daftari asitegemee ujumbe anaoonyeshwa na mpangaji, kwani unaweza kuhaririwa au kuletwa tena mwezi ujao. Achukue namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu 10, kutoka kwenye taarifa ya Paybill yenyewe, na aiingize mara moja tu. Hata simu ikiwa ya mume au dada, akaunti B4 itaonyesha kodi ni ya nyumba gani.

Tarehe 12 mpangaji anamkabidhi keateka 2,500. Keateka anaandika risiti 0147 papo hapo: nakala ya juu anapewa mpangaji, ya kaboni inabaki kitabuni. Risiti inataja nyumba, kiasi, mwezi unaolipiwa na salio, ambalo sasa ni 1,000. Risiti iliyokosewa haichanwi. Inafutwa kwa mstari na nakala zote mbili zinabaki kitabuni.

Siku hiyohiyo kuna risiti 0148 ya 5,000 na 0149 ya 3,000 za nyumba nyingine. Jioni keateka anatuma jumla, 10,500. Akiandika B4 kwenye akaunti, mtunza daftari ataiona kama kodi mpya, na mpangaji mwenye deni la 1,000 ataonekana amezidisha 9,500. Dawa ni kuandika KESHI kwenye akaunti, kisha kunakili namba ya muamala kando ya risiti hizo tatu. Kodi ilishahesabiwa risiti zilipoandikwa; hapa pesa zimehama tu kutoka mkononi kwenda kwenye Paybill.

Mwisho wa mwezi, madeni ya mwanzo ya nyumba zote, ukijumlisha kodi ya mwezi na kutoa malipo, yawe sawa na jumla ya salio zilizo daftarini. Kisha miamala yote ya KESHI ilingane na risiti, ukiondoa pesa ambazo keateka bado anazo.

Hata hivyo, malipo ya B4 yakiandikwa B5, jumla zote bado zitalingana. Ndiyo maana kila mpangaji apewe salio lake kila mwezi, alilinganishe na risiti na jumbe zake mwenyewe.