Simu Moja, Mawingu Manne: Mwanafunzi Achague Lipi?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa teknolojia ya habari hana kompyuta. Ana simu janja ya bei nafuu, yenye kumbukumbu ya GB 2, na bando analonunua kwa siku. Mhadhiri amewataka wanafunzi waandike programu ndogo ya kurekodi madeni ya duka, kisha waiweke mtandaoni mahali ambapo yeye ataweza kuifungua. Maabara ya chuo ina foleni, na usiku hufungwa.

Kazi hiyo inawezekana kwa simu, kwa sababu si lazima programu iendeshwe na simu yenyewe. Huendeshwa na kompyuta za mbali ambazo kampuni hukodisha kupitia intaneti, yaani wingu, na simu inabaki kuwa kibodi na kioo. Kampuni zinazofanya biashara hii hutoa sehemu ya huduma bure ili kuvuta wateja wapya. Amazon humpa mteja mpya salio la dola 100 na nafasi ya kuongezewa nyingine 100, kwa muda usiozidi miezi 6. Google hutoa dola 300 za kutumia ndani ya siku 90. Microsoft hutoa dola 200 kwa siku 30, na Oracle dola 300 kwa siku 30.

Anayetazama tarakimu hizo peke yake atakimbilia penye 300. Lakini ofa zote nne zina sharti moja linalowakwamisha wanafunzi wengi: kadi ya benki. Kampuni huitaka ili kuthibitisha kwamba mteja ni mtu halisi, hata kama haikusudii kukata kitu. Kadi pepe zinazotengenezwa kupitia pesa za simu, ambazo vijana wengi hutumia kulipia vitu mtandaoni, si suluhisho la uhakika. Oracle imeandika wazi kwamba haipokei kadi pepe wala kadi za kulipia kabla. Kwa hiyo swali la kwanza si nani anatoa nyingi, bali nani anafungua mlango bila kadi.

Kwa mwanafunzi wetu kuna milango miwili kama hiyo, na inafaa kuitumia kwa pamoja.

Wa kwanza ni Google Cloud Shell. Mtu mwenye akaunti ya kawaida ya Google, ile ile anayopakulia programu za simu, hufungua shell.cloud.google.com kwenye kivinjari, akakubali masharti, na baada ya muda mfupi anapata dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta ya Linux. Python na Git zimo tayari. Anapewa hifadhi ya GB 5 na saa 50 za matumizi kwa wiki. Dirisha hilo ni maandishi matupu, kwa hiyo likishafunguka halili bando sana. Kando yake kuna kihariri cha msimbo chenye rangi na menyu, lakini ni kizito. Kwenye simu ya GB 2 kivinjari huweza kukwama au kuanza upya, hivyo ni heri kubaki kwenye dirisha la amri na kuandika kwa programu nyepesi kama `nano`.

Kikwazo cha kwanza kitatoka kwenye kibodi. Kibodi ya kawaida ya simu haina Ctrl, Tab wala mishale, na bila Ctrl mtu hawezi kusimamisha programu inayoendelea wala kutoka ndani ya `nano`. Ipo kibodi ya bure iitwayo Unexpected Keyboard, ndogo kwa ukubwa, yenye vitufe hivyo vyote. Pia mwanafunzi azime kipengele kinachoanza kila sentensi kwa herufi kubwa. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na ujumbe `Pip: command not found` mara nyingi unamaanisha tu kwamba simu imebadilisha `pip` kuwa `Pip` bila yeye kuona.

Kikwazo cha pili ni kupotea kwa vitu. Google huhifadhi tu kilichomo ndani ya jalada la nyumbani la mtumiaji. Kingine chochote, zikiwemo programu zilizosakinishwa kwa `sudo apt install`, hufutika kipindi kikiisha. Mwanafunzi anaweza kusakinisha leo na kesho asikute kitu, akadhani ameharibu. Dawa ni kuweka maktaba za Python ndani ya jalada la nyumbani tangu mwanzo:

```
python3 -m venv ~/mazingira
source ~/mazingira/bin/activate
pip install flask
flask run --port 8080
```

Mistari miwili ya kwanza hutenga sehemu ya maktaba za mradi huu na kuiwasha. Wa tatu husakinisha Flask, maktaba ya kutengenezea kurasa za wavuti kwa Python. Wa nne huwasha programu iliyoandikwa katika faili la `app.py`, nao hutolewa mtu akiwa ndani ya jalada lenye faili hilo. Baada ya hapo anagusa kitufe cha Web Preview, na ukurasa wa madeni unafunguka kwenye simu yake. Kesho yake hatasakinisha tena. Atarudia mstari wa pili na wa nne tu.

Ila anwani ile inaonekana kwake peke yake. Mhadhiri akiigusa hatapata kitu, na dirisha likifungwa programu inazimika. Cloud Shell ni mahali pa kuandikia na kujaribia. Haikuundwa kuhudumia watu wengine, na ndiyo maana kunahitajika mlango wa pili.

Mlango huo ni Azure for Students wa Microsoft. Hutoa salio la dola 100 kwa miezi 12 bila kadi, na unaweza kuhuishwa kila mwaka mhusika akiendelea kuwa mwanafunzi. Masharti yake ni umri usiopungua miaka 18 na uthibitisho wa uanafunzi, ambao kwa kawaida hufanywa kwa barua pepe iliyotolewa na chuo, kama zile zinazoishia na .ac.tz kwa Tanzania au .ac.ke kwa Kenya. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuchukua anwani yake ya chuo aifuate kwa watu wa TEHAMA kabla ya kuanza kujisajili. Barua ya uthibitisho hutumwa huko, na akiwa amesahau nywila yake atakwama hapo hapo.

Msimbo husafirishwa kutoka wingu moja hadi jingine kupitia GitHub, ambako akaunti ni bure. Wengi hukwama wanapoandika nywila yao na kukataliwa. GitHub iliacha kupokea nywila kwa kazi hiyo mwezi Agosti 2021. Badala yake mtu hutengeneza tokeni katika mipangilio ya akaunti yake, akaibandika pale nywila inapoulizwa.

Msimbo ukishafika GitHub, mwanafunzi anafungua shell.azure.com. Akiulizwa kuhusu hifadhi achague kuendelea bila hifadhi, kwa kuwa nakala ya kazi yake iko salama kwingine. Anaichukua kwa `git clone`, anaingia ndani ya jalada, anahakikisha kuna faili la `requirements.txt` lenye neno `flask`, kisha anatoa amri moja:

```
az webapp up --sku F1 --name duka-la-mfano
```

Jina lazima liwe lisilotumiwa na mtu mwingine yeyote duniani, kwa kuwa litakuwa sehemu ya anwani. Sehemu ya `--sku F1` ndiyo inayoomba daraja la bure, ambalo haligusi kabisa zile dola 100. Ukitokea ujumbe wenye neno `RequestDisallowedByAzure`, msimbo hauna kosa. Akaunti za wanafunzi huruhusiwa kutumia baadhi tu ya vituo vya Microsoft, na kilichochaguliwa hakimo. Arudie amri akiongeza `--location` na jina la kituo kingine. Ikikamilika anapata anwani ya kumtumia mhadhiri.

Daraja la F1 lina kikomo cha dakika 60 za kazi ya prosesa kwa siku. Ni dakika za kukokotoa, si za ukurasa kuwa hewani, kwa hiyo daftari la madeni linalofunguliwa na watu wachache halizimalizi kirahisi. Zikiisha, wageni wanaona kosa la 403 mpaka hesabu ianze upya.

Na zile dola 100? Hizo ni za siku somo litakapodai kompyuta nzima ya kukodi, na hapo ndipo salio la wanafunzi huyeyuka. Kompyuta ya aina ya B2s, yenye kumbukumbu ya GB 4, hugharimu takriban senti 4 za dola kwa saa katika vituo vya Marekani. Ikiachwa inawaka usiku na mchana, ni takriban dola 30 kwa mwezi, na salio la mwaka linakwisha katika mwezi wa nne. Ikiwashwa saa 2 kwa siku, kompyuta yenyewe inakula dola mbili na nusu hivi kwa mwezi, mbali na gharama ya diski na anwani ya mtandao.

Kuizima nako kuna namna yake. Anayeizima kutoka ndani kwa amri ya Linux ataona hali yake imeandikwa `Stopped`, na saa za malipo zinaendelea kuhesabiwa, kwa sababu nafasi yake bado imeshikwa. Inatakiwa isomeke `Stopped (deallocated)`, na hilo hutokea ikizimwa kwa kitufe cha Stop cha Azure yenyewe. Programu ya Azure ya simu inacho, hata mtu akiwa kwenye daladala.

Mwenye kadi inayokubalika ana njia nyingine mbili. Google ina kompyuta ndogo iitwayo e2-micro ambayo ni bure kila mwezi hata siku 90 zikipita, lakini lazima mteja ahamie kwanza akaunti ya kulipia, na kompyuta iwe katika kimojawapo cha vituo vitatu vya Marekani: us-west1, us-central1 au us-east1. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki huvutiwa na Johannesburg kwa kuwa ni karibu, na huko kila saa inalipiwa. Diski nayo iwe ya aina ya Standard, isizidi GB 30. Kadhalika, tahadhari ya bajeti hutuma barua pepe tu, haizimi kitu.

Oracle ndiyo yenye zawadi kubwa isiyo na mwisho wa tarehe, lakini walioiomba wanaujua ujumbe `Out of host capacity`, yaani kituo walichochagua kimejaa. Kituo cha nyumbani huchaguliwa mara moja wakati wa kujisajili na hakibadilishwi. Kompyuta ya bure isiyofanya kazi kwa siku 7 inaweza kuchukuliwa.

Kabla ya chochote kati ya hivi, mwenye simu moja ashughulikie ufunguo. Google, Microsoft na GitHub sasa hudai uthibitisho wa hatua mbili kwa kazi za aina hii, na hatua ya pili huishia kwenye simu ile ile. Ikiibiwa, kazi yote iliyoko mawinguni inabaki salama lakini mwenyewe hawezi kuingia. Google hutoa namba 10 za akiba, na GitHub nayo ina zake. Zinakiliwe kwenye karatasi siku ile ile akaunti inapofunguliwa, na karatasi iachwe nyumbani. Kwenye karatasi hiyo iandikwe pia tarehe ya kuhuisha Azure, na siku ya mwisho ya kufungua Cloud Shell kabla ya likizo, kwa maana Google hufuta jalada la nyumbani lisilofunguliwa kwa siku 120.